Biti Moja Inapogeuka: RAM Inayojisahihisha na Anayeihitaji Kweli

Oktoba 2022 Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeanzisha Linux, alikuwa katika yale majuma mawili yenye pilikapilika ambamo hupokea mabadiliko kutoka kwa waandishi wa programu duniani kote. Katika kipindi hicho kompyuta yake hujenga kiini cha Linux upya mara kwa mara, na kila ujenzi ni kazi nzito. Safari hii ujenzi ulianza kukatika. Programu inayogeuza maandishi kuwa kitu cha kuendeshwa na mashine ilitoa malalamiko yasiyoeleweka, leo mahali hapa, kesho mahali pengine. Kwa mtu anayepokea maelfu ya mistari mipya kutoka kwa watu wengine, mtuhumiwa wa kwanza alijulikana: mmoja wao ameleta kosa. Torvalds akatafuta kosa hilo katika msimbo, wala halikuwamo. Kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kimeharibika, katika kompyuta iliyofanya kazi miaka miwili na nusu bila shida yoyote.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni kwamba prosesa yake, Threadripper ya kampuni ya AMD, ilikuwa na uwezo wa kugundua na kusahihisha makosa ya RAM. Kilichokosekana ni vijiti vyenyewe. Aliiunga kompyuta hiyo mwanzoni mwa janga la korona, wakati vijiti vya aina hiyo havikupatikana kwa bei ya maana, akaweka vya kawaida. Miezi 20 hivi kabla ya mkasa huo, Januari 2021, alikuwa amekwisha kuilaumu hadharani kampuni ya Intel kwa kuifanya RAM inayojisahihisha iwe bidhaa ya wachache.

Aina hiyo ya RAM huandikwa kwa herufi tatu, ECC, na ndiyo inayotumika karibu katika kila seva duniani. Kwenye kompyuta za mezani haionekani sana. Katikati ya makundi hayo mawili kuna kompyuta za kazi nzito: mashine za wahandisi, watakwimu, wachora ramani, wahariri wa filamu na waandishi wa programu. Hapo ndipo swali la nani anaihitaji linapokuwa gumu, na ndipo watu wengi wanapoilipia wasiipate.

Tuanze na kosa lenyewe. Kompyuta yenye RAM ya GB 32 huhifadhi biti zipatazo bilioni 275, na kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme ndani ya kijishimo cha silikoni: chaji ipo, tunasoma moja, haipo, tunasoma sifuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe za alfa zitokazo kwenye vifuniko vya chipu zenyewe, kwa sababu ya mabaki madogo ya madini yenye mionzi, zinatosha kuigeuza biti. Baadaye ikajulikana kwamba nyutroni zinazozaliwa pale miale ya anga za mbali inapogonga hewa ya dunia nazo hufanya hivyo. Nyutroni hizo huongezeka kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, inapata nyingi kuliko Mombasa. Hata hivyo usumaku wa dunia karibu na ikweta hurudisha sehemu ya miale hiyo, na sisi huku tunapata nafuu ambayo watu wa kaskazini hawana.

Habari za anga zinavutia masikio, lakini si mshitakiwa mkuu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wa seva za Google uliochukua takriban miaka miwili na nusu. Waliona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilikuwa na angalau kosa moja kwa mwaka, na theluthi moja hivi ya mashine zilikutwa na kosa. Jambo la kuzingatia zaidi ni mahali makosa yalipotokea. Hayakutawanyika sawasawa. Kijiti kilichokosea mara moja kilielekea kukosea tena na tena, na uzee ulichangia. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya makosa ilitokana na vijiti vinavyokufa polepole. Ndicho kilichompata Torvalds.

Sasa fikiri biti inapogeuka. Mara nyingi iko katika eneo ambalo hakuna programu itakayolisoma tena, na hakuna kinachotokea. Pengine iko ndani ya picha, na nukta moja kati ya mamilioni inabadilika rangi kidogo. Ikiwa katika maelekezo ya programu, programu inaanguka, nawe unaiwasha upya ukilaani. Hatari ni ile ya nne: biti iko ndani ya namba, programu inaendelea kwa utulivu, na namba mbovu inaandikwa kwenye diski kama namba nyingine yoyote.

Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, hilo liliwatokea hadharani watu wa Schaerbeek, manispaa iliyo ndani ya eneo la Brussels. Kura zilihesabiwa kwa mashine. Mgombea mmoja, Maria Vindevogel, akaonekana amepata kura nyingi kuliko ilivyowezekana kwa mujibu wa hesabu za chama chake. Kadi za kura ziliposomwa upya, tofauti ikawa kura 4,096 kamili. Anayefahamu namba za kompyuta hushtuka anapoiona namba hiyo, kwa kuwa ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani thamani ya biti ya 13 peke yake. Wataalamu hawakukuta kosa katika programu, wakahitimisha kwamba inaelekea biti hiyo iligeuka yenyewe. Kosa lilinaswa kwa kuwa matokeo hayakuwezekana. Lingekuwa limeangukia biti ya tatu, zingeongezeka kura nne tu, na sidhani kama kuna ambaye angeuliza.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko chipu za RAM. Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell nchini Marekani, alikuwa akiiachia mashine ya kukokotoa kazi zake mwishoni mwa juma. Mashine ile iliweza kugundua kwamba imekosea, na ikigundua iliitupa kazi hiyo na kuendelea na nyingine. Jumatatu Hamming anakuta hakuna jibu. Akajiuliza: kama mashine inajua kwamba imekosea, kwa nini isijue imekosea wapi? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950, na tunaweza kulifuata hapa kwa kalamu na karatasi.

Chukua biti nne za data: 1, 0, 1, 1. Panga nafasi saba. Nafasi ya 1, ya 2 na ya 4 ziwekee biti za ukaguzi. Data iingie kwa mpangilio huo katika nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Biti ya ukaguzi ya nafasi ya 1 inasimamia nafasi 1, 3, 5 na 7. Ile ya nafasi ya 2 inasimamia 2, 3, 6 na 7. Ile ya nafasi ya 4 inasimamia 4, 5, 6 na 7. Kanuni ni moja tu: katika kila kundi, idadi ya moja iwe shufwa. Ukijaza unapata hivi:

```
nafasi:  1 2 3 4 5 6 7
biti:    0 1 1 0 0 1 1
```

Sasa geuza biti ya nafasi ya 6, iwe sifuri, kisha kagua. Kundi la kwanza lina moja mbili, shufwa, salama. Kundi la pili lina moja tatu, witiri, kuna kosa. Kundi la nne lina moja iliyo peke yake, witiri, kuna kosa. Jumlisha namba za makundi yaliyolalamika: 2 na 4 ni 6. Nafasi ya 6 ndiyo yenye kosa, na kwa kuwa biti ina hali mbili tu, kuisahihisha ni kuigeuza. Jaribu mwenyewe kwa nafasi nyingine yoyote, zikiwamo za ukaguzi zenyewe, utaona namba inayotoka ndiyo mahali penye kosa.

RAM ya ECC katika kompyuta hufanya kazi ya ukoo huo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kila biti 64 za data huongezewa 8 za ukaguzi, jumla 72. Hizo 8 zinatosha kusahihisha kosa la biti moja na kugundua makosa mawili yakitokea kwa pamoja, ingawa hayo mawili hayasahihishiki. Hapo kompyuta husimama, na kusimama huko ni kwa makusudi: ni heri kazi ikatike kuliko namba ya uongo iingie katika hesabu. Makosa matatu au zaidi katika fungu moja yanaweza kupita bila kunaswa. Kwa hiyo ECC haimalizi makosa yote, ila inaondoa aina iliyo ya kawaida kuliko nyingine, na hapohapo inaandika kwamba jambo limetokea. Uandishi huo kwangu mimi ni nusu ya thamani yake. Kijiti kinachokufa polepole hujitaja mapema, wiki au miezi kabla hakijaharibu chochote.

Gharama yake inaonekana kwa macho. Shika kijiti cha kawaida cha DDR4 uhesabu vichipu vyeusi upande mmoja: mara nyingi ni vinane. Cha ECC kina tisa. Ni silikoni zaidi kwa thumuni moja, na bei hupanda kuliko hapo kwa kuwa vinauzwa vichache. Kasi hupungua kidogo sana, kiasi ambacho mtumiaji hawezi kukihisi.

Tatizo kubwa ni kwamba vijiti peke yake havifanyi lolote. Anayekokotoa zile biti za ukaguzi ni kidhibiti cha RAM, nacho siku hizi kimo ndani ya prosesa. Kati ya prosesa na kijiti kuna ubao mama, ambao lazima uwe na nyaya za biti zote 72, na juu yake kuna BIOS, ambayo lazima iuwashe ukaguzi. Vinne hivyo vikubaliane. Kimoja kikikataa, RAM ya ECC isiyo na rejista inaweza kufanya kazi kama ya kawaida, biti nane za ziada zikikaa bure, na kompyuta haitakuambia neno.

Kwa upande wa Intel, historia ni ya kufunga mlango na kuufungua kidogo. Prosesa za Xeon, zilizokusudiwa seva na kompyuta za kazi nzito, zina ECC. Prosesa za Core kwa miaka mingi hazikuwa nayo, isipokuwa jambo moja la ajabu: Core i3 za mezani kadhaa, tangu kizazi cha nne hadi cha tisa, zilikuwa nayo, wakati i5 na i7 za bei kubwa zaidi hazikuwa nayo. Sababu ni ya kibiashara, kwani i3 ziliwekwa pia kwenye seva ndogo za bei nafuu. Kuanzia kizazi cha 12 mlango ukafunguka: nyingi za Core i5, i7 na i9 za mezani zinaikubali, lakini kwa sharti kwamba ubao mama uwe na chipuseti ya W680. Ubao wa Z690 au Z790, wanaoupenda wacheza gemu, hauiwashi hata ukiwa umelipiwa mara mbili. Na si kila prosesa ya kizazi hicho imo. i5-12500 imo, i5-12400 haimo, ingawa majina yao yanafanana kama mapacha. Intel huweka katika ukurasa wa kila prosesa mstari unaosomeka `ECC Memory Supported`. Usinunue kabla ya kuusoma.

AMD ilichukua njia nyingine. Ryzen nyingi za mezani zina ukaguzi huo ukiwa hai ndani ya prosesa, lakini kampuni haikuupima rasmi, ikawaachia watengenezaji wa ubao mama waamue. Kwa hiyo mbao mbili zenye chipuseti moja zinaweza kutofautiana: moja inasahihisha, nyingine inapokea kijiti na kukaa kimya. Neno la kutafuta katika kitabu cha ubao ni kwamba hali ya ECC inaungwa mkono. Kikisema tu kwamba vijiti vya ECC vinakubalika katika hali ya kawaida, maana yake ukaguzi umezimwa. Kuna mtego wa pili: Ryzen zenye herufi G mwishoni, zile zilizo na sehemu kubwa ya picha ndani yake, kwa kawaida hazina ECC, ila zikiwa na neno PRO zinayo. Ryzen 5 5600X inayo, 5600G haina, PRO 5650G inayo. Threadripper zinayo zote, na zile za mfululizo wa 7000 hazikubali kitu kingine ila vijiti vyenye rejista.

Rejista hiyo inahitaji maelezo mafupi, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hasara kila siku. Vijiti vya ECC viko vya aina mbili. Kimoja kina chipu ya ziada katikati, yaani rejista, inayopokea amri za kidhibiti na kuzigawa kwa vichipu vingine, ili kompyuta iweze kubeba RAM nyingi. Kingine hakina. Havibadilishani. Mashine inayotaka kimoja haitawaka ukiiwekea kingine. Vijiti vyenye rejista huuzwa kwa bei ndogo sana sokoni kwa kuwa seva nyingi zilizostaafishwa huvimwaga, na mnunuzi huviona akadhani amepata neema, akafika nyumbani kompyuta ikalia na kukataa.

Twende kwenye mfano mmoja mpaka mwisho, na nautoa katika aina ya kompyuta zinazouzwa sana kwetu: mashine za ofisi za Ulaya zilizokwisha kutumika, zinazofika Nairobi na Dar es Salaam. Tuseme mtakwimu anataka mashine ya kuchakata data za utafiti wa kaya, na fundi anamwonyesha HP Z240. Ni kompyuta ya kazi nzito ya kizazi cha sita cha Intel, na ubao wake una chipuseti ya C236, inayoikubali ECC. Fundi anasema kwa haki kabisa, "Hii ni workstation, ina ECC." Lakini sanduku hilohilo liliuzwa likiwa na prosesa mbalimbali: Xeon E3, i3, i5 au i7. Ikiwa ndani kuna i7-6700, ECC hakuna. Ikiwa kuna i3-6100, ya bei ndogo zaidi, ECC ipo. Kwa hiyo swali la kwanza ni prosesa gani, wala haitoshi kusoma jina lililo juu ya sanduku.

Swali la pili liko kwenye kijiti. Fungua ubavu wa mashine na usome karatasi ndogo iliyobandikwa. Kwa DDR4 utaona maandishi kama haya:

```
2Rx8 PC4-2400T-ED1-11
```

Herufi inayofuata kasi ndiyo ya kuangalia. E ni ECC isiyo na rejista, ndiyo inayotakiwa na Z240. R ni yenye rejista, ambayo inafaa kwa ndugu yake mkubwa, Z440. U ni RAM ya kawaida isiyo na ukaguzi. Kwenye DDR3 ya mashine za zamani zaidi herufi hukaa mwishoni kabisa, mfano PC3-12800E. Kijiti cha U kikichanganywa na vya E, ukaguzi hauwezi kufanyika kwa vyote.

Swali la tatu unaliuliza mashine ikiwa imewashwa. Beba flashi yenye Linux, iwashe kutoka hapo, kisha andika:

```
sudo dmidecode -t memory | grep -E "Correction|Width"
```

Mashine iliyokamilika itajibu `Error Correction Type: Single-bit ECC` au `Multi-bit ECC`, na kwa kila kijiti `Total Width: 72 bits` pamoja na `Data Width: 64 bits`. Ukiona 72 kwa kijiti lakini aina ya usahihishaji ni `None`, umepata ile hali ya biti nane zinazokaa bure. Kwenye Windows, swali kama hilo huulizwa katika PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray | Select MemoryErrorCorrection
```

Jibu la 3 ni hakuna, 5 ni usahihishaji wa biti moja, 6 ni wa biti nyingi.

Hata hivyo majibu hayo ni maneno ya BIOS, na BIOS inaweza kusema kisicho kweli, hasa kwenye mbao za Ryzen ambazo mtengenezaji hakujishughulisha. Ushahidi mzito zaidi ni pale mfumo wenyewe unapokiri kwamba unamsikiliza kidhibiti. Kwenye Linux kuna faili za kuhesabu:

```
grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ce_count
grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ue_count
```

Ya kwanza ni makosa yaliyosahihishwa, ya pili ni yaliyoshindikana. Faili zikikosekana, Linux haipokei taarifa, na hapo huna hakika. Zikiwapo zikasomeka sifuri, ni vizuri, ingawa sifuri nayo yaweza kuwa ukimya. Wenye shaka kubwa hukiongezea kijiti kasi kidogo kidogo katika BIOS mpaka kianze kukosea, wakatazama kama hesabu inapanda. Fanya hivyo siku ambayo hakuna kazi yako juu ya diski, kisha rudisha kasi ya kawaida.

Hesabu ikipanda yenyewe katika kazi za kila siku, usitishwe na kosa moja kwa mwaka. Tazama kama linarudi. Makosa yakirudi kila juma, kizime kifaa, uhamishe kijiti kinachotuhumiwa kwenye tundu jingine. Makosa yakihama pamoja nacho, kijiti kimekwisha, kibadilishe. Yakibaki kwenye tundu lilelile, angalia vumbi na mguso wa shaba, kisha ubao au prosesa.

Kuna dai jipya linalozunguka madukani: kwamba kila RAM ya DDR5 ina ECC, basi hakuna haja ya kulipia zaidi. Dai hili lina ukweli nusu. Vichipu vya DDR5 vina usahihishaji mdogo ndani yake, ambapo biti 128 husindikizwa na 8 za ukaguzi. Umewekwa kwa kuwa vijishimo vimekuwa vidogo mno na watengenezaji wanahitaji msaada ili chipu zipite viwandani. Lakini ukaguzi huo unaishia kwenye mlango wa chipu. Data inayoharibika njiani kati ya kijiti na prosesa haioni, na kosa linalosahihishwa humo ndani mfumo hauambiwi. Unakosa ulinzi wa safari, na unakosa ile taarifa ya mapema. DDR5 yenye ECC kamili kwa kawaida huwa na vichipu kumi mahali pa vinane, na ndiyo maana tofauti ya bei ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa DDR4.

Basi nani anaihitaji? Mimi huuliza maswali mawili. Je, matokeo ya kazi yako yanaweza kuwa mabaya bila jicho la mtu kuona? Na je, yatadumu au yataongoza uamuzi? Mhandisi anayeacha kompyuta ikikokotoa mzigo wa jengo usiku kucha, jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Mtakwimu wa utafiti wa kaya vilevile, kwa kuwa kaya moja yenye kipato kilichoongezeka ghafla hujificha ndani ya wastani. Anayetunza hesabu za chama cha akiba na mikopo kwenye seva ndogo ya ofisini anaihitaji kuliko wote hao. Ongezeko la shilingi 32,768 katika salio la milioni moja ni biti moja tu iliyogeuka, na halina sura ya kosa.

Kundi jingine linalosahaulika ni wenye kompyuta ya kuhifadhi mafaili ya wengine: studio, maktaba, ofisi ya ramani. Mifumo kama ZFS hupiga muhuri wa hesabu kila fungu la data linaloandikwa, ili uharibifu wa diski ujulikane. Faili likiharibika ndani ya RAM kabla ya muhuri, mfumo utautia muhuri ule ubovu na kuulinda kwa uaminifu miaka yote. Nakala za akiba nazo zitanakili kilichokwisha kuharibika.

Anayeandika barua, kutazama filamu, kucheza gemu au kuhariri video za harusi haihitaji. Kosa likimfika, ataliona au halitamdhuru. Kwa watu hawa, na hata kwa mtakwimu wetu kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, ningesema anunue kwanza diski ya pili ya nakala na betri ya kuilinda kompyuta umeme unapokatika. Umeme wetu huharibu mafaili mengi kuliko nyutroni. ECC ni ya tatu katika foleni hiyo.

Na kwa yule anayebaki na RAM ya kawaida, kipo kipimo kisicho na gharama. Programu ya Memtest86+ huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa usiku mzima. Huandika mifumo mbalimbali ya biti katika kila kijishimo na kuisoma tena. Mstari mwekundu mmoja unatosha kukikataa kijiti. Iendeshe siku unayonunua kompyuta, kabla muda wa kuirudisha dukani haujaisha, na uiendeshe tena siku programu zitakapoanza kuanguka ovyo, leo hii, kesho ile, bila sababu inayojirudia. Anza na RAM kabla ya kusafisha Windows na kuiweka upya, kwa sababu kuiweka upya juu ya RAM mbovu ni kuandika makosa mapya kwenye diski nzima.